Bi Salma, naomba mshahara wangu uangaliwe upya

Jambiani, Jumatatu 12 Mei 2025

Bi Salma, asalam alaykum,

Natumai umerudi salama kutoka Mjini na mama anaendelea vizuri. Haya nlitaka kukwambia kwa mdomo ile Ijumaa ulipopita mapokezi, lakini wageni wa chumba namba 4 walikuwa wanalipa waondoke na simu inalia, nikaona bora nikuandikie uyasome ukiwa umetulia.

Naomba mshahara wangu uangaliwe upya. Sasa hivi nalipwa 480,000 kwa mwezi kama mtu wa mapokezi, na kazi nnayoifanya si ya mapokezi peke yake tena, wewe mwenyewe unaiona.

Unakumbuka mtu wa stoo alipoacha kazi Machi mwaka jana ulinita ukanambia Makame shika funguo mwezi mmoja tu mpaka tupate mtu. Nikashika, na nikakubali kwa moyo mmoja kwa sababu masika yalikuwa yanaingia, hoteli haina wageni, na kila mtu alikuwa anaogopa kupunguzwa. Lakini masika yale yakapita, Juni wageni wakajaa, Disemba wakajaa tena, na masika mengine ndo haya tumo ndani yake na funguo bado n'nazo mie. Miezi kumi na nne sasa. Katikati hapo zikaja na risiti za ZRA ambazo mwanzo alikuwa anazitoa mhasibu, kisha majibu ya bukingi za mtandaoni usiku, maana mgeni akiandika saa nne usiku asipojibiwa anakwenda hoteli ya jirani. Na tangu ilipoanza ile bima ya dola 44 Oktoba mwaka jana, maswali yameongezeka mara mbili, kila mgeni anataka aelezwe anailipia wapi na kama ya kwao inakubalika au lazima akate hii ya huku.

Naomba nikueleze la stoo kidogo maana ndo kubwa, na sidhani kama lilipata kuonekana lote.

Mwezi wa kwanza tu nligundua mizani ya samaki haikai sifuri. Sindano ilikuwa inaanzia gramu 400 kabla hujaweka kitu, na sisi kila asubuhi tunapima mara nne mara tano, mvuvi huyu na yule, kwa hivo kuna siku tulikuwa tunalipia kilo mbili ambazo hazipo. Sisemi kama kuna mtu alikuwa anafanya makusudi, hapana, mizani ilikuwa imeota kutu tu na hakuna aliyeinama kuitazama. Nikaja kukuonesha na ukanunua mpya wiki ile ile.

Halafu pweza. Zamani tulikuwa tunanunua kila siku jiko linapotaka, hata maji mafu ambapo pweza hapatikani na bei inapanda mpaka 14,000 kilo. Mie nimezaliwa huku, bibi yangu alikuwa anakwenda kuchokoa pweza mwambani, najua kama bamvua likiingia wanatoka wengi na bei inashuka. Sasa nanunua siku za bamvua kwa 9,000 au 10,000, naosha, nafunga kilo mbili mbili na tarehe juu ya mfuko, naweka frizani. Na mpishi mwenyewe anasema pweza aliyeganda analainika zaidi kuliko wa siku ile ile. Daftari la stoo lipo, kila mwezi nimeandika kilichoingia na kilichotoka, ukilitaka nitakuletea ulipitie kabla hatujakaa.

Na kuna kosa moja n'lolifanya, sitaki lije baadae kama kwamba nimelificha. Lile la Disemba, familia ilofika magharibi ikakuta chumba namba 9 kishauzwa kwa mtu mwengine. Lilikuwa kosa langu na nililikiri siku ile. Lakini naomba ujue lilivyotokea, bukingi yao iliingia mchana mie nipo stoo napokea kreti za soda, na mie huyo huyo ndo nlitakiwa niwe kwenye kompyuta niifunge namba 9. Nliporudi mwenzangu keshamuuzia mgeni wa mlangoni. Tukawapeleka hoteli ya pili na wakakasirika, na hawakukosea kukasirika. Tokea siku ile kila nikienda stoo nachukua simu ya ofisi, lakini Bi Salma, mtu mmoja hawezi kuwa pahala pawili.

Sasa kuhusu pesa zenyewe. Mtu wa stoo alikuwa analipwa 420,000, alinambia mwenyewe wakati ananikabidhi. Kwa miezi kumi na nne hiyo ni 5,880,000 ambayo hoteli haijailipa kwa mtu yeyote. Siombi yote hiyo na siombi ya nyuma. Naomba mshahara uwe 700,000 kuanzia mwezi wa Juni, yaani nyongeza ya 220,000, nusu na kidogo tu ya ule alokuwa analipwa yeye. Na naomba iingie kwenye mshahara wenyewe, isiwe posho ya mkononi, maana mchango wa ZSSF unakatwa kwenye mshahara na mie umri unakwenda. Zile 50,000 ulizonipa Sikukuu na mwisho wa mwaka nashukuru sana, zilinifaa, ila asante ni asante na mshahara ni mshahara.

Jengine ni usafiri. Siku za kuhesabu stoo namaliza saa mbili na nusu usiku na gari za Makunduchi hakuna tena, nachukua bodaboda 5,000 kutoka mfukoni kwangu. Ni siku nne kwa mwezi, wakati mwengine tano. Naomba hiyo irejeshwe kwa risiti au dereva wa hoteli anitupe nyumbani.

Najua mwezi wa Mei si mwezi wa kumwendea mtu kwa habari ya pesa, vyumba vilivyo na watu jana ni vitatu na naviona mwenyewe kwenye kitabu. Ndo maana nikasema Juni. Na ikiwa mwenye hoteli ataona 700,000 kwa mara moja ni nzito, mie nipo tayari iwe 600,000 Juni na iliyobaki Septemba, lakini iandikwe kwenye mkataba na kazi zenyewe ziandikwe, mapokezi na stoo, ili kesho na keshokutwa akija meneja mwengine asinambie hizo funguo nlijichukulia. Na ikiwa haitowezekana kabisa, basi naomba atafutwe mtu wa stoo kabla msimu haujaanza, nitamfundisha mie mwenyewe wiki mbili, mizani, daftari, bamvua, kila kitu, nami nirudi mapokezi nifanye kazi yangu sawasawa. Sisemi hili kwa hasira wala sina pahala pengine ninapokwenda. Hoteli hii naipenda, nimeingia hapa vyumba vikiwa kumi na sasa ni ishirini na mbili.

Naomba tukae Jumatano baada ya saa tano, wageni wa asubuhi watakuwa washatoka. Gesi inaletwa siku hiyo, kwa hivo ukinikosa kaunta nipo stoo, mlango nitauacha wazi.

Wako,
Makame, mapokezi na stoo