Swali la 7: Saketi ya umeme, pamoja na mwongozo wa kusahihisha (alama 15)

Rezista R₁ ya 8 Ω imeungwa kwa mfululizo na jozi ya rezista zilizo sambamba: R₂ ya 20 Ω na R₃ ya 30 Ω. Betri ni ya 10 V. Puuza ukinzani wake wa ndani. Ameta iko kati ya betri na R₁. Onyesha hatua zote.

(a) Kokotoa ukinzani wa jumla. (4)
(b) Ameta inasoma mkondo kiasi gani? (2)
(c) Tafuta volteji kwenye jozi ya sambamba. (2)
(d) Tafuta mkondo katika R₂ na katika R₃. (3)
(e) R₃ inaungua na kukata njia. Kwa hesabu, onyesha kama volteji kwenye R₂ inapanda au inashuka. (4)

MWONGOZO

(a) 1/Rₚ = 1/R₂ + 1/R₃ (1); 1/20 + 1/30 = 5/60 (1); Rₚ = 12 Ω (1); jumla 8 + 12 = 20 Ω (1).

Wengi husahau kugeuza sehemu na kuandika Rₚ = 0.083 Ω. Anakosa alama ya tatu tu. Akipata jumla ya 8.083 Ω, ya nne ni yake. Aliyejumlisha zote tatu (58 Ω) hapati kitu hapa, kwa kuwa hajatambua sambamba.

(b) I = V/R (1); 10/20 = 0.5 A (1).
Kosa lililorithiwa haliadhibiwi tena: 1.24 A kutoka 8.083 Ω, au 0.17 A kutoka 58 Ω, ni alama 2 kamili.

(c) 0.5 × 12, au 10 − 0.5 × 8 (1). 6 V (1).

(d) Kutumia V/R kwa volteji ya (c) (1); I₂ = 6/20 = 0.3 A (1); I₃ = 6/30, au 0.5 − 0.3 = 0.2 A (1).

Sehemu hii ndiyo inayochuja. Anayegawa 10 V kwa 20 Ω hudhani kila rezista inapata volteji yote ya betri: sifuri kwa I₂, na pia kwa I₃ akirudia vivyo hivyo. Anayegawa mkondo nusu kwa nusu (0.25 A) hana alama. Tazama pia 0.2 A kwa R₂ na 0.3 A kwa R₃: namba ni zilezile, ila zimepinduliwa, kana kwamba mkondo mkubwa hupita penye ukinzani mkubwa. Sifuri. Mkondo hasi haupewi alama hata kama umerithiwa, maana mtahiniwa alipaswa kushtuka.

(e) Jumla mpya 28 Ω (1); I = 0.36 A (1); V₂ = 0.357 × 20 = 7.1 V (1), inapanda (1). Kubali 7.2 V iliyotokana na kukadiria mapema. "Inapanda" bila hesabu haina alama.

Kizio kikikosekana au kikikosewa, kata alama 1, mara moja tu kwa swali zima. Jibu sahihi lisilo na hatua hupewa alama ya jibu pekee.