YAH: OMBI LA KUHAMIA DARASA LA JIONI, SHAHADA YA SHERIA MWAKA WA TATU

Kwa Amidi, Kitivo cha Sheria

Shikamoo Profesa,

Samahani nakuandikia kwenye imeli badala ya kuja mwenyewe, nilikuja Jumatatu na Jumatano nikakuta uko kwenye vikao, sekretari akaniambia niandike tu utasoma ukipata nafasi. Mimi ni Neema wa mwaka wa tatu darasa la mchana, ndo niliyekuwa kiongozi wa darasa tulipoanza. Naomba nihamie darasa la jioni kuanzia wiki ya sita. Najua mwisho wa kuhama ilikuwa wiki ya pili na sasa tuko ya tano, ila kazi nimeipata baada ya hapo, ndo maana nimekuja kwako na sio dirisha la usajili.

Baba alipata kiharusi mwezi wa nane. Ni fundi seremala na mkono wa kulia mpaka leo haushiki kitu, na yeye ndo alikuwa analipa ada yangu maana mkopo sina. Mama anauza chakula Mbagala, hela yote inaishia kwenye dawa na mazoezi ya baba, na mdogo wangu yuko kidato cha nne. Nikatafuta kazi, nikapata ukarani kwenye ofisi ya mawakili pale mjini karibu na Mahakama ya Kisutu, laki nne na nusu kwa mwezi, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Nina wiki mbili sasa. Vipindi vya mchana vya wiki hizo mbili sikuingia, na semina mbili za Ushahidi nimekosa, nakwambia mwenyewe kabla hujaona kwenye rejista.

Watu wengi wananishauri niahirishe mwaka. Sitaki Profesa, kwa kweli sitaki. Wenzangu wawili waliahirisha tukiwa mwaka wa kwanza wakasema wanarudi na hadi leo hawajarudi, mtu akizoea mshahara na nyumbani nao wakizoea ule mshahara inakuwa ngumu sana kutoka. Nataka nimalize nikiwa bado nina kasi, halafu niende Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo.

Na kazi yenyewe hainitoi kwenye sheria. Juzi wakili kanipa hati ya kiapo ya mteja akaniambia nitafute aya ambazo mpinzani atazipinga, nikaona tatu ambazo muapaji anasema mambo aliyoambiwa na jirani wala hasemi jirani gani, nikakumbuka Amri ya 19 kanuni ya 3 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai tuliyosoma kwenye kipindi chako, kwamba kiapo kibaki kwenye yale mtu anayoyajua mwenyewe. Darasani niliikariri tu, pale nimeiona inafanya kazi kwenye kesi ya mtu mwenye shida kweli.

Ratiba ya jioni nimeipitia. Ushahidi ni Jumanne, Mwenendo wa Madai Jumatano, Falsafa ya Sheria Alhamisi, zote saa kumi na moja mpaka saa mbili usiku, na kutoka ofisini nikipanda daladala saa kumi na dakika kumi nawahi, nimejaribu mara mbili. Shida ni Sheria ya Ardhi, muhula huu haipo jioni kabisa. Hiyo naomba niendelee nayo na darasa la mchana, Ijumaa saa sita mpaka saa tisa, bosi wangu amekubali niwe natoka saa tano na nusu siku hiyo na barua yake nimeiambatanisha.

Testi ya kwanza ya Mwenendo wa Madai nilifanya na darasa la mchana nikapata 14 kwa 20, naomba alama ihame na mimi. Kama utaratibu hauruhusu niko tayari kurudia na wa jioni. Zile semina mbili nazo mwalimu akinipa kazi ya kuandika ya kufidia nitaifanya ndani ya wiki.

Ada ya jioni iko juu kidogo, nimeshauliza uhasibu. Nusu ya ada ya mchana nilishalipa, hiyo naomba ihesabiwe, na iliyobaki nitalipa kwa awamu tatu kila tarehe ya mshahara, ya mwisho itaingia kabla ya mitihani ya mwisho wa muhula.

Ukitaka nije tuongee naweza kufika siku yoyote kuanzia saa kumi na moja jioni, au Ijumaa kabla ya saa sita. Mchana nikiwa mahakamani simu naizima, lakini meseji nikizikuta najibu siku hiyohiyo. Naomba sana Profesa nipate jibu kabla ya Ijumaa, maana nikiendelea hivi wiki nyingine mbili mahudhurio hayatanitosha kukaa kwenye mtihani.

Asante sana kwa muda wako,

Neema
Mwaka wa tatu, darasa la mchana