Yah: Rasimu ya ofa, ofisa mauzo Unguja na Pemba – naomba ufafanuzi wa matazamio na kamisheni

13 Januari 2026

Bi Rahma,

Assalaam alaykum. Nakushukuru kwa rasimu uliyonitumia Ijumaa. Jana ilikuwa sikukuu ya Mapinduzi, hakuna simu za wateja, kwa hivyo nimeisoma yote kwa utulivu pamoja na jedwali la nyuma. Kazi naitaka, na mshahara wa msingi tuliokubaliana kwa simu uko vile vile: 650,000 wakati wa matazamio, 800,000 baada ya kuthibitishwa. Hapo sina neno.

Nilipokwama ni kifungu cha 4 kinachohusu matazamio na cha 7 kinachohusu kamisheni. Kila kimoja peke yake kinasomeka, lakini ukiviweka pamoja vinaacha nafasi ambayo mimi na kampuni tunaweza kuja kuisoma tofauti. Naomba ulifikishe hili kwao, na majibu yaje kwa maandishi, ikiwezekana kwenye rasimu yenyewe na si kwenye barua pepe tu.

Naanza na kamisheni, maana ndiyo yenye mambo mengi. Kifungu cha 7(a) kinasema: "Ofisa atalipwa kamisheni ya asilimia 3 ya mauzo, na asilimia 5 pale atakapovuka lengo la mwezi la shilingi milioni 25." Nimeisoma mara kadhaa na bado naona inabeba maana mbili. Tuseme mwezi mmoja nimeuza milioni 40. Kama asilimia 5 inahusu ile ziada tu, basi ni 750,000 kwa milioni 25 za kwanza na 750,000 nyengine kwa milioni 15 za juu, jumla 1,500,000. Kama ukishavuka lengo mauzo yote yanahesabiwa kwa asilimia 5, ni 2,000,000. Tofauti ni nusu milioni kwa mwezi mmoja. Sisemi kampuni ichague ipi, iseme tu imekusudia ipi, na mfano wa hesabu uwekwe kwenye jedwali ili mtu wa mishahara na mimi tutumie kalamu moja.

Kisha 7(b) inasema kamisheni "italipwa kwa ofisa aliyefikia lengo". Hii inanichanganya, maana 7(a) inatoa asilimia 3 kwa mauzo kabla ya kuvuka lengo. Nikiuza milioni 24 napata 720,000 au sipati kitu? Kama jibu ni sipati kitu, basi ile asilimia 3 haina kazi kwenye mwezi wowote ulio chini ya milioni 25, na hiyo ni ofa nyengine kabisa na ile uliyonieleza kwa simu.

Sasa lililo kubwa. Kifungu cha 7(d) kinasema kamisheni inastahiki kwa "mauzo yaliyokamilika", na 4(c) kinasema "kamisheni ya kipindi cha matazamio itakusanywa na kulipwa baada ya ofisa kuthibitishwa kazini". Naomba uniruhusu nikueleze biashara hii inavyokwenda huku, kwa sababu naona aliyeandika rasimu alikuwa na wateja wa Dar kichwani.

Wateja wetu ni mahoteli. Kuanzia Machi hadi Mei ni masika, wageni wanapungua, na hoteli nyingi za Nungwi, Kiwengwa na Paje zinatumia wakati huo kufanya ukarabati. Nyengine zinafunga kabisa mwezi wa nne na wa tano. Ndio wakati wa kumuuzia mtu friza, jiko au chumba cha baridi, kwa sababu ndio wakati jiko lake linaweza kubomolewa. Lakini ndio wakati ambao hana pesa. Anatoa malipo ya awali, mzigo unakuja, mafundi wanafunga, na salio analilipa wageni wakisharudi, Julai na Agosti. Kila anayeuza vifaa hapa anaijua ratiba hiyo.

Ofa inanitaka nianze tarehe 1 Machi, na matazamio ni miezi sita, yaani mpaka tarehe 31 Agosti. Chukua mfano wa hoteli moja ya Nungwi inayoagiza chumba cha baridi cha milioni 32 mwezi wa Aprili. Inatoa asilimia 40 mwanzo, yaani milioni 12.8. Chumba kinafungwa na kuwashwa mwisho wa Juni, na salio la milioni 19.2 lina siku 60. Hiyo inaangukia mwisho wa Agosti, na mimi na wewe tunajua mhasibu wa hoteli hatolipa siku ya sitini. Tuseme analipa katikati ya Septemba.

Je, mauzo haya yamekamilika lini? Siku ya oda iliyosainiwa, siku ya ankara, siku ya kukabidhi, au siku salio lilipoingia benki? Kwa asilimia 3 peke yake kamisheni hapo ni 960,000. Na kama ni siku ya pesa kuingia, inahesabiwa kwenye lengo la mwezi gani? Nikisomewa kwa namna hiyo, miezi yangu minne ya mwanzo itaonekana sijauza, na wakati huohuo kifungu cha 4(b) kinasema nitapimwa kwa "kufikia malengo ya mauzo". Machi yenyewe sehemu kubwa ni Ramadhani, ikifuatiwa na Idd. Mtu anaweza kufanya kazi nzuri mpaka Agosti na karatasi ikasema hajafanya kitu.

Linaloniuma zaidi ni hili: nisipothibitishwa, kwa sababu yoyote ile, kamisheni iliyokusanywa miezi sita inakwenda wapi? Rasimu imenyamaza. Kwa maneno yalivyo, "baada ya kuthibitishwa", mtu anaweza kusema haikuwahi kustahiki. Yaani kampuni inabaki na mteja, inabaki na pesa, na aliyempata mteja anaondoka na mshahara wa matazamio. Siamini kwamba ndivyo walivyokusudia, lakini mkataba unasomwa siku ambayo watu hawaelewani.

Pendekezo langu ni maneno haya, kuchukua nafasi ya 4(c) na 7(d) kwa pamoja:

"Kamisheni itastahiki kwa kila kiasi ambacho mteja amekilipa, na italipwa pamoja na mshahara wa mwezi unaofuata, ikiwemo katika kipindi cha matazamio. Kwa kupima lengo la mwezi, mauzo yatahesabiwa katika mwezi ambao oda imesainiwa na malipo ya awali kupokelewa. Ajira ikikoma kwa sababu yoyote, ofisa atalipwa kamisheni ya oda alizozisaini kabla ya kuondoka, kadiri wateja watakavyolipa ndani ya siku 120."

Utaona sijaomba nilipwe kabla pesa haijaingia. Kwenye ule mfano, napokea 384,000 baada ya malipo ya awali na 576,000 baada ya salio. Mteja akikimbia, kampuni haijanipa senti ya deni lililokufa, na kwa hivyo hakutokuwa na haja ya kile kipengele cha 7(f) cha kunikata kwenye mshahara "kamisheni iliyolipwa kimakosa". Wakitaka kukibakisha kwa mzigo uliorudishwa, sawa, lakini kiseme hivyo na kiweke ukomo wa muda. Hizo siku 120 nazo naweza kuzungumza, zikiwa 90 sitogomba.

Kuhusu matazamio yenyewe. Kifungu cha 4(a) kinasema miezi sita "inayoweza kuongezwa kwa hiari ya mwajiri". Mara ngapi, na kwa muda gani kila mara? Naomba iwe mara moja tu, isizidi miezi mitatu, kwa barua yenye sababu itakayonifikia kabla ya miezi sita kwisha. Na tarehe 31 Agosti ikipita kimya, bila barua ya kuthibitisha wala ya kuongeza, nihesabiwe nimethibitishwa na mshahara upande kuanzia 1 Septemba. Nani atanipima, meneja wa mauzo wa Dar au msimamizi wa tawi hapa Unguja? Ningependa kikao cha tathmini mwezi wa tatu, kama kuna kasoro niisikie mapema niirekebishe. Notisi ya kuvunja mkataba ndani ya matazamio imewekwa siku 7 kwa upande wangu na "wakati wowote" kwa upande wao. Iwe sawa pande zote mbili. Bima ya afya inaanza siku ya kwanza au baada ya kuthibitishwa?

Kuna na jambo la kifungu cha 12, nalo ni la kurekebisha tu, nadhani limenakiliwa. Kinasema mkataba unatawaliwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, migogoro iende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na michango ikatwe NSSF. Hiyo ni sheria ya Tanzania Bara. Kituo changu cha kazi ni Unguja, na kazi na ajira si jambo la Muungano: huku tuna Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Namba 1 ya mwaka huohuo. Mimi ni mwanachama wa ZSSF tangu kazi yangu ya sasa, na naomba michango iendelee hapo hapo. Tulimalize kabla hatujasaini, likibaki litasumbua pande zote.

Mawili madogo ya mwisho. Makao makuu yakiuzia moja kwa moja hoteli ambayo mimi ndiye niliyeifuatilia, kamisheni ni ya nani? Na safari za Pemba, nauli ya boti na malazi Chake Chake au Wete, zinalipwa na kampuni kabla ya safari au narejeshewa kwa risiti? Nathibitisha pia kuwa asilimia zote zinahesabiwa kwa bei kabla ya kodi ya ongezeko la thamani, na kwamba kodi ya mapato itakatwa kwenye mshahara na kamisheni kwa pamoja. Kama sivyo, nisahihishe.

Rasimu inataka jibu langu kabla ya Ijumaa ya tarehe 23. Kwa mwajiri wangu wa sasa natakiwa kutoa notisi ya mwezi mzima, na siwezi kuitoa bila mkataba uliosainiwa mkononi. Majibu yakinifikia mpaka Jumatatu ya tarehe 19, nitakuwa na siku za kuyasoma na notisi itoke kabla ya Januari kwisha, ili tarehe 1 Machi isiguswe. Wakihitaji muda zaidi, naomba waisogeze tarehe ya mwisho ya kujibu, na tarehe ya kuanza nayo isogee kwa siku hizo hizo.

Kama ni wepesi zaidi kuzungumza kwanza, mweke na mtu wao wa fedha kwenye simu, maana maswali ya 7(a) na 7(b) ni yake. Napatikana kila siku baada ya saa kumi jioni, isipokuwa Ijumaa, ambapo ni kuanzia saa tisa.

Wako,
Maryam
Mombasa, Unguja