Miguu ya Mbuzi wa Riziki

Riziki ni msichana wa gredi ya nne. Anakaa Mtongwe, upande wa Likoni, mahali ambapo ukisimama chini ya minazi unaziona kreni za bandari ya Kilindini ng'ambo ya maji. Akirudi shule huvua sare, hunywa uji wake, halafu huchukua fimbo akawafuate mbuzi wa Babu.

Mbuzi hawahesabiki wakiwa malishoni. Huyu yuko nyuma ya kichaka, yule amepanda ukuta wa watu, na Mabaka hata hujui amepitia wapi. Kwa hivyo Babu huwahesabu mlangoni mwa zizi. Anaufungua mlango kidogo tu, apite mmoja mmoja, na kila anayepita, Riziki anatia kokoto moja ndani ya kifuu cha nazi.

Jioni hiyo beberu Shoka alitangulia, kama kawaida yake, akimsukuma Riziki kwa ubavu. Kwa! Kokoto ya kwanza. Akaja Kishungi na watoto wake wawili. Kwa! Kwa! Kwa! Wa mwisho alikuwa Mabaka, mdomoni ana karatasi ya watu.

"Wangapi, mjukuu wangu?"

"Ishirini, Babu. Wametimia."

Babu akafunga mlango. Riziki akaketi kwenye mkeka na karatasi yake ya hesabu. Swali la sita lilimfurahisha hata kabla hajalijibu:

*Mchungaji ana mbuzi 23. Mbuzi wote wana miguu mingapi?*
*A. 46   B. 69   C. 82   D. 96*

"Haya, hili ni langu," akasema.

Akamwaga kokoto 20 kwenye mchanga na kwa kila kokoto akachora vijistari vinne. Alipomaliza, akavihesabu vijistari: 80. Bado mbuzi watatu. Akawakumbuka mbuzi watatu wa jirani, Mama Rehema, waliofungwa chini ya mwarobaini, akaongeza kokoto tatu na vijistari 12.

80 na 12. Jumla 92.

Akatazama majibu. 92 haipo!

Akafuta mchanga kwa kiganja, akachora upya. 92. Akajaribu kwa daftari: 23 mara 4. 92.

"Babu, jibu langu halipo hapa."

Babu hakuwahi kusoma shule, lakini mbuzi anawajua. "Hebu nisomee hayo waliyoyaandika."

"La kwanza, miguu 46."

"Ya wanyama 23?" Babu akacheka. "Hao ni kuku."

"La pili, 69."

Riziki akafikiri, akahesabu kwa vidole. "Miguu mitatu mitatu. Mbuzi wote vilema, Babu!"

"Maskini. La mwisho?"

"96. Hao ni mbuzi 24. Mmoja si wetu."

"Mwenyewe atakuja kumtafuta. Na hilo jingine?"

Ndilo lililomchelewesha Riziki. Kwa 82, alipanga mbuzi 20, ikafika 80, na miguu miwili ikabaki peke yake. Akaitazama muda mrefu.

"Babu, huyu ni mbuzi nusu."

"Nusu ya mbele au ya nyuma?" Babu akauliza, na wote wawili wakacheka hadi Shoka akalia kule zizini.

Riziki hakuzungushia herufi yoyote. Aliandika 92 pembeni, kwa kalamu, wazi kabisa.

Asubuhi darasani, Mwalimu Zuhura akauliza swali la sita. Wengi walichagua C. Wengine D.

"Riziki, wewe hukuchagua?"

Moyo ukamdunda. Si rahisi kusimama mbele ya darasa zima na kusema karatasi ya mwalimu ina kosa. Lakini akasimama.

"Mwalimu, naomba kuonyesha ubaoni."

Akapewa chaki. Akaandika 20 × 4 = 80, chini yake 3 × 4 = 12, kisha 92. Halafu akaeleza habari za kuku, za vilema, za mbuzi mgeni. Alipofika kwa mbuzi nusu, Kombo, aliyekuwa amechagua C, akashika kichwa kwa mikono miwili.

Mwalimu Zuhura aliichukua karatasi, akaikurubisha machoni, akahesabu mwenyewe huku midomo ikimchezacheza. Kisha akachukua kalamu nyekundu, akaikata 82 na kuandika 92 juu yake.

"Umesema kweli, Riziki. Aliyepiga chapa aliweka 8 mahali pa 9, na mimi sikuiona. Kateni wote, mwandike 92."

Kalamu zikaanza kukwaruza. Ghafla mwalimu akageukia mlango.

"Lo! Gredi ya nne Buluu wanafanya karatasi hii hii sasa hivi. Riziki, njoo nayo chaki, ukawaonyeshe."

Riziki akatoka mbio. Nyuma yake Kombo akapaza sauti, "Usisahau kuwaambia yule nusu!"