Mpango wa ushauri wa lishe: mtoto wa kike wa miezi 14, Langoni, Lamu

Umeandikwa kwa mama wa mtoto. Dada, uweke ndani ya kitabu cha kliniki, na umsomee bibi, kwa kuwa asubuhi ni yeye anayemlisha.

Hali ya leo: uzito kilo 7.0, urefu sentimita 72, mzunguko wa mkono sentimita 12.0 kwa mkanda. Miguu haijavimba, hana homa, na nilipompa ndizi aliila yote. Huu ni utapiamlo wa wastani. Mkanda ukisoma kati ya 11.5 na 12.4 tunamtibu akiwa nyumbani, lakini ukishuka chini ya 11.5 ni utapiamlo mkali na matibabu yake ni mengine. Leo amepewa tone la vitamini A alilokosa alipotimiza mwaka, pamoja na dawa ya minyoo. Pakiti za lishe ya karanga zimetuishia stoo. Zikifika nitakupigia simu, ila tusizingoje. Mengi anayoyahitaji yamo jikoni mwako.

Uliyonieleza, ili tusisahau tulipoanzia: watoka alfajiri kwenda kuuza mahamri na mbaazi, warudi saa nne. Hapo kati bibi humpa chai ya rangi na hamri, na saa tano anapata uji. Adhuhuri anakula na wakubwa kwenye sinia moja, wali na mchuzi. Usiku ananyonya. Mchana umeacha kumnyonyesha kwa sababu bibi asema mtoto amebemendwa na maziwa yako hayamfai tena.

Nitaanza na hilo la mwisho. Bibi amelea watoto 7, na anachokiona kwa macho yake ni kweli: mtoto amekonda. Lakini maziwa yako hayakuharibika, na kulala na mumeo hakuyaharibu. Akiwa na miezi 14 bado yanampa sehemu kubwa ya nguvu anayohitaji, pamoja na kinga. Mnyonyeshe kabla ya kutoka, ukirudi, na usiku kama kawaida, hadi atimize miaka 2 au zaidi. Ukipata mimba kabla ya hapo, njoo tuzungumze, usimwachishe kwa ghafla. Kama hutaki mimba sasa, njia za kupanga uzazi zinazokubaliana na kunyonyesha zipo chumba cha pili, na hakuna atakayekuuliza maswali mengi.

Sasa chakula. Dada, nilicheka kidogo uliponiambia kila asubuhi unapika sufuria ya mbaazi za nazi ya kuuzia watu, na mtoto wa mpishi anakunywa chai ya rangi. Kabla hujatia pilipili na chumvi, mtolee kikombe kimoja kidogo, na ukifunike. Bibi akiponde kwa uma au kwa mwiko mpaka kilainike, kiwe ndicho chakula chake cha asubuhi. Mbaazi zinajenga mwili, tui linaongeza nguvu. Tui lakini si maziwa, lina mafuta mengi na protini kidogo, kwa hiyo lisichukue nafasi ya maziwa wala ya samaki. Chai aiache kabisa: inamjaza tumbo na inazuia madini ya chuma yaliyo kwenye chakula yasiingie mwilini.

Uji. Ule ulionionyesha kwenye chupa ulikuwa maji yaliyotiwa rangi. Tumbo la mtoto huyu ni dogo kama ngumi yake. Likijaa maji, hana pa kuweka chakula. Upike mzito kiasi kwamba ukiinamisha kijiko uanguke kwa fundo, usitiririke, na ale kwa kijiko, si kwa chupa. Chukua unga wa mtama au wa mahindi peke yake. Ule wa nafaka kumi na dagaa vilivyosagwa pamoja ni ghali, na baadhi ya vitu vyake havilainiki haraka tumboni. Ukiiva, tia kijiko cha chai cha mafuta ya kupikia na kijiko cha mezani cha simsim au karanga zilizokaangwa zikasagwa laini. Karanga nzima asipewe, zinapalia. Zilizoota ukungu tupa, hata kama ulizinunua kwa pesa.

Mchana awe na sahani yake. Kwenye sinia huwezi kujua amekula nini, na mtoto aliyekonda hapambani na kaka zake. Lengo ni robo tatu ya kikombe cha chai kila mlo, kisha kikombe kizima akizoea. Milo iwe 4, na kati yake mara 1 au 2 umpe papai, ndizi, embe ukilipata, au kiazi kitamu kilichochemshwa.

Samaki: msimu huu wa kusi baba watoto hatoki kila siku, na changu amepanda bei. Si lazima changu. Samaki wadogo kama simu na vibua wana protini ileile. Wachemshe, toa miba kwa vidole vyako mwenyewe, uwaponde ndani ya wali na mchuzi. Siku ambayo samaki hakuna, tumia dagaa wakavu wasio na chumvi: waoshe, wakaange bila mafuta, watwange, weka kijiko kimoja cha mezani kwenye chakula chake. Papa mkavu msimpe, chumvi yake ni nyingi mno kwa mtoto. Mchicha au majani ya kunde yakatwe madogo na yatiwe mafuta au tui, la sivyo vitamini A yake haitamfaa sana.

Ulisema nyumba ya watu 6 inatumia shilingi 400 kwa siku. Tukapiga hesabu kwa bei ulizonitajia: mayai 3 kwa wiki shilingi 60, fungu la simu la shilingi 50 mara mbili, mchicha shilingi 20 mara tatu, nusu lita ya maziwa ya shilingi 40 mara mbili. Jumla 300 kwa wiki, kama shilingi 43 kwa siku. Juisi ya paketi na biskuti anazonunuliwa kila jioni zinafika 30. Tumekubaliana zikatwe kwanza. Zilizobaki 13 utazitoa kwenye mauzo.

Maji ya kunywa ya mtoto yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, hata yakiwa matamu ya kisima cha Shela. Mikono ya anayemlisha ioshwe kwa sabuni, na yake pia.

Kila Ijumaa mpime mkono wa kushoto kwa mkanda niliokupa, katikati ya bega na kiwiko. Ukiingia rangi nyekundu, usisubiri tarehe ya kliniki. Vilevile njoo siku hiyohiyo akikataa chakula na titi, akitapika kila kitu, akivimba miguu, akipata degedege, akilegea au akipumua kwa shida. Akiharisha, mpe maji ya chumvi na sukari yanayotengenezwa kwa pakiti ya ORS, endelea kumnyonyesha na kumlisha, kisha mlete achukue zinki, kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10.

Tutaonana baada ya wiki 2. Ningependa awe ameongeza kama gramu 200. Mkono ukifika 12.5 kwa ziara mbili mfululizo, nitamtoa kwenye orodha.

Kwa wiki hizi mbili umechagua mambo matatu tu: kikombe cha mbaazi asubuhi, uji mzito, titi mchana. Sahani yake ulisema utainunua siku ya mshahara wa kaka yako. Sawa, ila hata kifuniko cha bakuli kinatosha kwa leo. Na bibi aje naye, nataka kumsikia yeye pia.