Karibuni chemsha bongo ya idara

Haya haya wapendwa, mwangaluka! Naona Uhasibu mmeitikia kwa sauti ndogo kama mnakata posho, tena jamani mwangaluka! Ahaa, hapo sawa.

Mimi leo ni kushika maiki dakika tano tu halafu nakaa. Anayeendesha ni mama yetu wa kantini, tumemchagua kwa sababu hayuko idara yoyote na pia kwa sababu wote humu tunamdai heshima naye anatudai hela za chapati, kwa hiyo hana wa kumpendelea. Wengi hamjui kwamba kabla ya kantini alifundisha jiografia miaka mingi, msije mkamchukulia poa. Mama, simama wakuone. Makofi!

Sheria sasa. Timu nne, Uhasibu, Mauzo, Stoo na Ufundi, kila moja watu wanne, simu zote ziko kwenye lile beseni la bluu kwa afande wa getini ambaye ndo anashika saa pia. Raundi ya kwanza kila timu maswali 5, sekunde 20, jibu la kapteni tu ndo linahesabika hata kama mwenzake kapiga kelele la kweli, ukipata pointi 2, ukikosa swali linaenda timu inayofuata kwa pointi 1. Shabiki akimnong'oneza mtu, swali limekufa.

Raundi ya pili ndo yenye vita. Kengele hatuna, tuna sufuria na mwiko mbele ya kila timu, anayegonga kwanza anajibu, na ukigonga kabla mama hajamaliza kusoma anaishia hapohapo, unajibu ulichosikia. Ukikosa unakatwa 1. Mauzo nawajua nyie, mtagonga kabla swali halijaanza.

Na jamani sikilizeni swali lenyewe. Juzi kwenye mazoezi kaulizwa mtu Ziwa Victoria linapakana na nchi ngapi, akasema 5, akagoma kabisa, eti Kagera inaleta maji ya Rwanda na Burundi. Maji ndio yanatoka huko, ila ufukwe wanao Tanzania, Uganda na Kenya tu, kwa hiyo ni 3. Una malalamiko, kapteni ananyoosha mkono kabla swali lingine halijasomwa, mama akishaamua imeisha, hakuna kumfuata kantini Jumatatu.

Mkifungana juu, swali moja la sufuria, anayepata kabeba.

Zawadi mnaiona kwenye ile ndoo, sato wa asubuhi hii kutoka Mwaloni Kirumba, ndo maana tunataka tumalize kabla jua halijawa kali, barafu yenyewe haitoshi. Wa mwisho wanaosha masufuria. Mama, maiki hii hapa, Stoo ndo mnaanza.