Nishati huenda wapi kati ya nyasi na simba?

Wanafunzi wangu wa kidato cha tatu, kabla ya zoezi la Ijumaa someni hapa, kwa sababu katika madaftari mengi mishale imegeuzwa. Kwenye mtandao wa chakula, mshale hutoka kwa anayeliwa kwenda kwa anayekula, maana unafuata nishati inakoelekea. Kule Serengeti, nyasi huliwa na nyumbu, pundamilia, panzi na mchwa. Nyumbu huliwa na simba na fisi. Panzi huliwa na ndege. Mishale hupishana kwa kuwa fisi hategemei nyumbu peke yake, na mzoga mmoja hulisha fisi, tumbusi, mabuu na bakteria.

Lakini mchoro huo hausemi ni nishati kiasi gani inayopita kwenye kila mshale. Kazi hiyo hufanywa na piramidi ya nishati. Mwaka 1957 mwanaikolojia Howard Odum alichapisha vipimo vya chemchemi ya Silver Springs, Florida, kwa kilokalori kwa kila mita ya mraba kwa mwaka: mimea 20,810, walao mimea 3,368, walao nyama wa kwanza 383, walao nyama wa juu kabisa 21. Tazameni kushuka huko! Ngazi ya pili imepata asilimia 16 hivi ya ile ya kwanza, ya tatu asilimia 11, ya nne kama asilimia 5.

Kilokalori zilizobaki hazikuangamia. Mimea yenyewe ilitumia 11,977 katika upumuaji wake, zaidi ya nusu, kabla ya kuliwa na yeyote. Rudini Serengeti: mizizi na majani makavu mengi hayaliwi na nyumbu, na sehemu ya anachokula hutoka kama kinyesi. Hizo huwafikia mchwa, mbawakawa wanaokula kinyesi na bakteria, ndiyo maana nao wamo kwenye mtandao. Kinachosagwa na kuingia mwilini, sehemu kubwa huunguzwa ili atembee, apumue na mwili ubaki na joto. Joto hilo hupotelea hewani, na hakuna mmea unaoweza kulirudisha kuwa chakula. Kaboni na nitrojeni huzunguka. Nishati hupita mara moja tu, kwa hiyo jua lazima lilete nyingine kila siku.

Sasa mnaelewa kwa nini nyumbu wa Serengeti ni zaidi ya milioni moja, ilhali simba ni maelfu machache.

Angalizo kwa mtihani: piramidi ya idadi inaweza kupinduka, kwa mfano mbuyu mmoja wenye maelfu ya wadudu. Piramidi ya nishati haipinduki kamwe. Na ile asilimia 10 ya nishati inayosemwa kupita kutoka ngazi moja kwenda nyingine ni wastani wa kukokotolea tu: nyasi zikiwa na kilojuli 50,000, nyumbu hupata 5,000 na simba 500. Swali likitoa vipimo halisi kama vya Odum, tumieni vipimo hivyo.